Pembe Inayoizima Taa Majini

Chukua beseni jeusi, lijaze maji karibu na ukingo, liweke juu ya meza kisha subiri maji yatulie kabisa. Upande wa pili wa meza weka balbu ndogo iwe sentimita 30 juu ya usawa wa maji, na sentimita 40 kutoka katikati ya beseni ukipima kwa kulala. Wewe nawe kaa upande wako, jicho lako likiwa sentimita 30 juu ya maji na sentimita 40 kutoka katikati. Utaiona taswira ya balbu majini, imetulia na kung'aa.

Sasa vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayoipenda madereva na wavuvi. Taswira inafifia hadi karibu ipotee. Ukiinua macho ukaitazama balbu yenyewe, bado inawaka. Vua miwani, shika lenzi moja mbele ya jicho na uigeuze robo ya duara: taswira inarudi majini. Ukishusha balbu na jicho hadi sentimita 10 juu ya maji, bila kubadilisha zile sentimita 40, miwani hiyohiyo inashindwa kuizima. Inaipunguza tu.

Kwa nini sentimita 30 na 40, na si vipimo vingine? Ukilijibu swali hilo umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya yanayotokea mwanga unapokutana na uso wa maji, kioo, plastiki, au kitu chochote kiangavu kisichopitisha umeme.

Wimbi linapogusa maji

Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Likiwa limesafiri mbali kutoka chanzo chake, vilele vyake huwa vimenyooka na kufuatana sambamba, safu kwa safu. Hilo ndilo wimbi bapa. Mwanga wa jua unaofika duniani ni bapa kwa kila hali tunayoihitaji hapa. Mwanga wa balbu iliyo karibu huwa umejipinda kidogo, lakini kipande kidogo cha maji kinachoakisi taswira kwenye jicho lako hakiuoni mpindo huo.

Safu hizo zinapoangukia maji kwa mshazari, kila kilele kinagusa maji mahali fulani, na mahali hapo panateleza juu ya maji kadiri wimbi linavyosonga. Sehemu moja ya wimbi inarudi hewani na nyingine inazama. Wimbi linaloingia, linalorudi na linalozama yote yanakutana kwenye uso uleule, kwa hiyo vilele vyake lazima vilingane pale yanapokutana, kila nukta na kila wakati. Sharti hilo moja linatosha kuzaa kanuni mbili tulizofundishwa shuleni. Wimbi linalorudi liko hewani na lina kasi ileile, kwa hiyo vilele vyake haviwezi kulingana na vya linaloingia mpaka liondoke kwa pembe ileile lililojia. Linalozama lina mwendo wa polepole zaidi na vilele vyake vimekaribiana, kwa hiyo ni lazima lipinde njia yake ili vilele vikutane vizuri juu.

Upungufu huo wa kasi hupimwa kwa namba moja, inayoandikwa n, yaani kipimo cha mpindo. Kwa hewa n ni 1, tofauti yake ikiwa ndogo mno. Kwa maji ni 1.33, au theluthi nne, maana yake mwanga ndani ya maji husafiri kwa robo tatu ya kasi yake hewani. Kanuni ya mpindo ni hii:

n₁ sin i = n₂ sin t

Hapa i ni pembe ya mwanga unaoingia na t ni pembe ya ule uliozama. Pembe zote mbili hupimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya maji, si kutoka maji yenyewe. Wengi hukosea hapo, na hesabu yote ikapinduka.

Rudi kwenye beseni. Urefu wa sentimita 30 na umbali wa sentimita 40 vinatengeneza pembetatu mraba ambayo upande wake mrefu ni sentimita 50. Kwa hiyo sin i ni 40 kwa 50, yaani 0.8, na cos i ni 0.6. Pembe yenyewe ni nyuzi 53 hivi. Ukigawa 0.8 kwa theluthi nne unapata 0.6, ambayo ndiyo sin t. Na cos t inakuwa 0.8. Namba mbili zilezile zimebadilishana nafasi. Mwanga umeingia kwa nyuzi 53 na kuzama kwa nyuzi 37, na jumla yake ni nyuzi 90 kamili.

Nusu mbili za mwanga

Pembe zinatuambia mwanga unaelekea wapi, lakini hazisemi ni kiasi gani kinarudi na kiasi gani kinazama. Hapo inabidi kuangalia namna wimbi linavyotikisika. Uga wa umeme wa mwanga hautikisiki kuelekea mbele. Hutikisika kwa kukata njia ya mwanga, na mtikisiko wowote wa namna hiyo unaweza kugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutikisika sambamba na uso wa maji, kulia na kushoto kwa mtu anayetazama. Tuiite ya mlalo. Ya pili hutikisika ndani ya ule ukuta wa kufikirika unaounganisha balbu, maji na jicho. Tuiite ya kusimama. Mwanga wa balbu au wa jua una sehemu zote mbili kwa kiasi sawa.

Mwaka 1823 mhandisi Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa barabara na baadaye minara ya taa, alitoa kanuni za kiasi kinachoakisiwa katika kila sehemu. Maxwell alikuwa bado hajaonyesha kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Nadharia yake ilikuja miaka 40 baadaye na kuzikuta kanuni za Fresnel ziko sahihi. Kwa sehemu ya mlalo, nguvu ya uga unaorudi ukilinganisha na ulioingia ni:

(n₁ cos i − n₂ cos t) / (n₁ cos i + n₂ cos t)

Kwa sehemu ya kusimama ni:

(n₂ cos i − n₁ cos t) / (n₂ cos i + n₁ cos t)

Weka namba za beseni letu. Kwa mlalo, juu tunapata 0.6 kutoa 1.067, na chini 0.6 kujumlisha 1.067. Jibu ni hasi 0.28. Alama ya hasi inasema tu kwamba mtikisiko umegeuzwa. Mwangaza huenda na kipeo cha pili cha namba hiyo, kwa hiyo kiasi kinachorudi ni 0.078, yaani karibu asilimia 8. Kwa sehemu ya kusimama, theluthi nne mara 0.6 ni 0.8, na moja mara 0.8 ni 0.8. Juu ya mstari tunabaki na 0.8 kutoa 0.8, ambayo ni sifuri.

Si kwamba kinachorudi ni kidogo. Hakuna kinachorudi. Mwanga wote wa kusimama umezama majini, na taswira uliyokuwa ukiiona ilijengwa na mwanga wa mlalo peke yake. Miwani ya polaroidi, ikivaliwa sawasawa, huzuia mwanga wa mlalo na kupitisha wa kusimama. Ndiyo maana ilipokaa mbele ya jicho lako, taswira haikubaki na kitu cha kuilisha. Balbu yenyewe iliendelea kuwaka kwa sababu mwanga wake wa moja kwa moja una sehemu zote mbili, na miwani iliondoa moja tu.

Na zile sentimita 10? Pembe inakuwa nyuzi 76. Kanuni zilezile zinatoa asilimia 34 kwa mlalo na asilimia 13 kwa kusimama. Miwani inaondoa asilimia 34 na kuiachia ile 13 ipite. Ndiyo maana taswira hupungua bila kuzimika.

Kwa nini hakuna kinachorudi

Hesabu imetupa sifuri, lakini haijatueleza sababu. Sababu iko ndani ya maji.

Mwanga unaozama huzitikisa elektroni za molekuli za maji. Chaji inayotikisika hutoa mawimbi yake yenyewe, na wimbi linaloakisiwa si kitu kingine ila mkusanyiko wa mawimbi yatokayo kwa elektroni hizo. Lakini elektroni inayotikisika haitoi mwanga kila upande kwa usawa. Hutoa kwa nguvu zaidi ubavuni, na kando ya mstari wa mtikisiko wake haitoi kabisa. Antena iliyosimama wima hufuata sheria hiyohiyo: hueneza mawimbi pande zote za upeo wa macho, na juu kabisa ya ncha yake haipeleki kitu.

Katika sehemu ya kusimama, elektroni hutikisika kwa kukata njia ya mwanga uliozama. Tumeona kwamba kwenye pembe yetu mwanga uliozama na njia ya mwanga unaorudi vinakutana kwa nyuzi 90. Kwa hiyo elektroni zinatikisika moja kwa moja kuelekea ule upande ambao mwanga ungepaswa kurudi, na upande huo ndio pekee zisikoweza kutuma chochote. Sehemu ya mlalo haina kikwazo hicho, kwa kuwa elektroni zake hutikisika kulia na kushoto na zinatazama njia ya kurudi kwa ubavu.

Hapo pia ndipo kanuni ya pembe yenyewe inapopatikana. Ikiwa i na t zinajumlika kuwa nyuzi 90, basi sin t ni sawa na cos i, na kanuni ya mpindo inabaki:

tan i = n₂ / n₁

Kwa maji tanjenti ni theluthi nne, yaani 40 kwa 30. Kwa kioo cha kawaida chenye n ya 1.5, pembe ni nyuzi 56. Ukienda kinyume, kutoka majini kuja hewani, tanjenti ni robo tatu na pembe ni nyuzi 37, ileile ambayo mwanga wetu ulizama nayo. Mlango ambao mwanga wa kusimama uliingilia bila kizuizi, huutokea bila kizuizi pia.

Dirisha la Paris na kioo kilichopotosha

Aliyeliona jambo hili kwanza hakuwa akitafuta pembe. Étienne-Louis Malus alikuwa ofisa mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyewahi kwenda Misri na Napoleon. Mwaka 1808, akiwa Paris, alikuwa akichunguza kalisiti, madini angavu yanayofanya kila kitu kionekane mara mbili. Jioni moja alilielekeza jiwe hilo kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg yaliyokuwa yakiakisi jua linalotua. Alitarajia taswira mbili zenye mwangaza sawa. Badala yake, kila alipoligeuza jiwe, taswira moja ilififia na nyingine ikang'aa, kisha zikabadilishana. Kalisiti hugawa mwanga kwa mtikisiko wake, na kioo cha dirisha kilikuwa kimekwisha kuchagua mtikisiko mmoja kabla mwanga haujalifikia jiwe.

Malus alipima pembe ambayo uteuzi huo unakamilika. Kwa maji alipata nyuzi 52 na dakika 45, karibu sana na tunachokijua leo. Kwa kioo alipata nyuzi 54 na dakika 35, na hapo mambo yakavurugika. Pembe hiyo ni ya kitu chenye n ya 1.41, ilhali kioo alichokuwa nacho mtu wa zama zake kilikuwa na n ya 1.5 au zaidi. Malus alikata tamaa ya kuihusisha pembe na mpindo. Alifariki mwaka 1812 akiwa na umri wa miaka 36.

Mskoti David Brewster ndiye aliyelifungua fundo, na mwaka 1815 akachapisha kanuni ya tanjenti. Naye kwanza alitatizwa na kioo, hadi alipotambua kwamba uso wa kioo hubadilika kwa kukaa hewani, ukawa na tabia tofauti na kioo kilicho ndani. Pembe ya kutoakisi husoma ngozi ya juu kabisa ya kitu. Kama ngozi hiyo imechakaa au ina utando, utapata jibu sahihi kuhusu utando, si kuhusu kioo. Mpaka leo pembe hiyo inaitwa pembe ya Brewster, na onyo lake bado linawahusu wote wanaoipima.

Baharini

Pembe ya nyuzi 53 kutoka wima ni sawa na jua lililo nyuzi 37 juu ya upeo wa macho. Mombasa, mnamo tarehe 21 Machi, jua hufika hapo karibu saa tatu asubuhi na tena karibu saa kumi alasiri. Nyakati hizo, mvuvi aliyelielekea jua na kutazama maji yaliyotulia mbele ya chombo chake atafaidi miwani ya polaroidi kuliko wakati wowote: mng'ao unaondoka, na mwanga unaotoka chini majini, kwenye mwamba au mgongo wa samaki, unaonekana. Saa moja hivi kabla ya machweo jua liko nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho. Hiyo ni ile hali ya sentimita 10 kwenye beseni, na miwani bora kuliko zote haitaondoa mng'ao wote.

Bahari nayo haitulii kama beseni. Kwa bahati, sifuri hii si nyembamba. Kwa nyuzi 43 au nyuzi 63, mwanga wa kusimama unaoakisiwa hauzidi asilimia 1 hivi, kwa hiyo mawimbi madogo yanayoinamia kwako au kukukimbia hayaharibu kitu. Yanayoleta shida ni yale yaliyoinama kulia au kushoto. Kwa hayo, "mlalo" wa maji si mlalo wa miwani tena, na mwanga fulani hupenya. Vimulimuli unavyoendelea kuviona ukiwa umevaa miwani mara nyingi hutokana na miinamo hiyo.

Kuna miwani mingi sokoni iliyotiwa rangi tu huku ikiuzwa kuwa ni ya polaroidi. Dawa ni kuigeuza. Tazama mng'ao wa sakafu ya vigae au meza ya kioo kupitia lenzi, kisha zungusha lenzi robo ya duara. Ya polaroidi itafanya mng'ao upungue na kuongezeka. Ya rangi tu itautia giza kwa kiwango kilekile, uigeuze utakavyo. Lakini usijaribu kwenye sufuria ya alumini. Metali hupitisha umeme, na haina pembe ambayo mwanga wa kusimama hushuka hadi sifuri.

Dirisha lisilorudisha mwanga

Desemba 1960, katika maabara za Bell huko Marekani, Ali Javan, William Bennett na Donald Herriott waliwasha leza ya kwanza ya gesi, iliyotumia heliamu na neoni. Katika leza, mwanga huenda na kurudi kati ya vioo viwili mara nyingi, ukiongezwa nguvu kila unapopita kwenye gesi. Chombo chao kilikuwa na vioo ndani ya bomba. Walipotokea mafundi waliotaka kuviweka vioo nje, ambako ni rahisi kuvirekebisha, bomba lilihitaji madirisha ya kuziba ncha zake mbili.

Hapo palikuwa na hasara. Dirisha la silika lililowekwa likitazama mwanga uso kwa uso hurudisha karibu asilimia 3.5 kwenye kila uso wake. Madirisha mawili yana nyuso nne, kwa hiyo kila safari moja hupoteza asilimia 13, ilhali gesi hiyo, katika bomba la kawaida, huongeza asilimia chache tu. Leza ya namna hiyo haiwaki.

Suluhisho ni kuyainamisha madirisha hadi mwanga uyaangukie kwa nyuzi 55 na nusu, pembe ya Brewster ya silika. Mwanga wa kusimama unaingia bila kupoteza kitu kwenye uso wa kwanza. Na kwa kuwa nyuso mbili za dirisha ni sambamba, mwanga unaufikia uso wa pili kwa pembe inayotakiwa ya kutokea, kama tulivyoona kwa maji. Mwanga wa mlalo unaendelea kupoteza kila safari, hivyo haupati kamwe nguvu ya kutosha kuwaka. Leza inawaka kwa mtikisiko mmoja tu. Ukimwona fundi anageuza lenzi ya polaroidi mbele ya karatasi inayopokea mwale huo, na doa linazimika na kurudi, unaona kazi ya madirisha hayo yaliyoinama.

Kupima kwa rula

Kwa kuwa tanjenti ya pembe ni sawa na n, unaweza kupima mpindo wa kimiminika kwa rula, balbu na lenzi ya polaroidi. Mwaga maji ya beseni, likaushe, mimina mafuta ya alizeti. Acha balbu na jicho sentimita 30 juu ya uso wa mafuta, kisha visogeze vyote viwili mbali na katikati kwa hatua sawa mpaka taswira ififie kuliko popote. Kwa mafuta yenye n ya 1.47, itakuwa karibu sentimita 44 kila upande badala ya 40. Gawa kwa 30 na unayo n.

Kwa sababu sifuri ni pana, jicho litasitasita ndani ya sentimita kadhaa kabla ya kuamua. Tafuta mahali pawili ambapo taswira inaanza kuonekana tena kwa kiasi sawa, moja upande wa karibu na nyingine upande wa mbali, kisha chukua katikati yao. Hesabu pia urefu kutoka usawa wa kimiminika, si kutoka ukingo wa beseni wala meza. Kosa la sentimita 1 katika zile 30 linatosha kuyafanya maji yaonekane yana n ya 1.29 au 1.38. Na kabla ya kurudisha maji kwa jaribio jingine, osha beseni kwa sabuni na ulisuuze vizuri. Utando mwembamba wa mafuta ukibaki juu ya maji, utakupa pembe isiyo ya maji wala ya mafuta, kama kile kioo kilivyompa Malus.